Kuba la msikiti linatoka na ngazi juu: nishushe unene wa tabaka kazi nzima, au sehemu tu?

BintiKisauni
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nina oda ya vijimsikiti 12 vya plastiki, zawadi za wanafunzi wa madrasa moja huku kwetu Kisauni. Kila kimoja kina jengo la kuta zilizosimama wima hadi mm 40, halafu juu yake kuba la nusu duara lenye nusu kipenyo cha mm 30. Kwa hivyo kimo chote ni mm 70. Ubavuni kuna mnara mwembamba unaofika sawa na kilele cha kuba. Kuta zina madirisha ya upinde, na mbele kwenye kitako kuna jina la madrasa lililoinuka kidogo, likitazama juu.

Printa ni Ender 3, nozeli ya 0.4, PLA nyeupe isiyong'aa, na slaisa natumia PrusaSlicer. Kwa tabaka la 0.2 slaisa inaniambia saa 5 na dakika 20 kwa kimoja. Kuta zinatoka safi, lakini juu ya kuba pana pete pete kama ramani ya mlima. Nikiweka 0.08 kazi nzima, muda unaruka hadi saa 13 na dakika 25. Mara 12 hiyo ni zaidi ya saa 160, na umeme wa mtaani kwetu haukai muda huo bila kukatika. Mteja anataka kuba laini. Nimesikia unene wa tabaka unaweza kubadilika humo humo ndani ya kazi moja. Aliyefanya anieleze.

Shamte_Changamwe
Dada, tabaka kubadilika unene hilo ni tatizo la printa. Kaza mkanda wa Y, kisha angalia kama skrubu ya Z imepinda. Mimi yangu ilikuwa inafanya hivyo hivyo, nikabadilisha kiungio cha mota ya Z ikatulia.

BintiKisauni
Ahsante kaka Shamte, lakini mashine haina shida. Nataka kuubadilisha mwenyewe makusudi: chini mnene, juu mwembamba.

Mzee_wa_Likoni
Binti yangu, fuata ushauri wa mtu mzima. Weka 0.12 kila mahali usahau. Si nene wala si nyembamba. Na yale maandishi ya mbele hayatasomeka vizuri kwa 0.2, maana tabaka jembamba ndilo linaloleta herufi nyembamba. Ukiweza, kitako ukifanye 0.08.

FundiWaTudor
Wa alaykum salaam Binti. Oda yako ni mfano mzuri wa kazi ya namna hii, kwa sababu umbo lako lina kuta wima na kuba, na hivi viwili vinataka vitu tofauti kabisa.

Zile pete ni ngazi. Kila tabaka ni kidaraja, na upana wa kidaraja unaouona kwa macho unategemea mambo mawili: unene wa tabaka na mteremko wa uso mahali pale. Ukuta wima hauna kidaraja, una mistari tu. Mteremko wa nyuzi 45 una kidaraja chenye upana sawa na unene wa tabaka, yaani 0.2 kwako, na jicho halilioni hilo kwa urahisi. Lakini uso ukilala hadi nyuzi 10 kutoka usawa wa meza, tabaka lile lile la 0.2 linatoa kidaraja cha zaidi ya mm 1.1. Hizo ndizo pete zako. Kwa 0.08 mahali hapo hapo kidaraja kinashuka hadi kama 0.45.

Sasa tazama kuba lako. Kwenye nusu ya kimo chake, mm 15 juu ya ukuta, uso bado umesimama kwa nyuzi 60. Nyuzi 45 unazifikia kwenye mm 21 hivi. Kwa hiyo taabu yako yote imo katika mm 9 za mwisho, kati ya 70. Ukiweka 0.08 kazi nzima unalipa saa nane za ziada, na nyingi katika hizo zinakwenda kwenye kuta ambazo hata hukuwa na malalamiko nazo.

Mimi ningeanza hivi: tabaka la kwanza libaki 0.2. Kuta, hadi mm 40, ziende kwa 0.28. Kuba kuanzia 40 hadi 55 liwe 0.2. Kutoka 55 hadi 63 liwe 0.12. Kutoka 63 hadi 70 liwe 0.08. Hesabu matabaka: kuta zina kama 143, halafu 75, halafu 67, halafu 88. Jumla kama 373. Kazi nzima kwa 0.2 ni 350, na kwa 0.08 ni karibu 875. Kwa hivyo unapata kilele cha 0.08 kwa idadi ya matabaka inayokaribia ile ya 0.2. Tena matabaka uliyoongeza ni yale madogo ya juu, na uliyopunguza ni yale makubwa ya chini yanayokula muda. Usishangae slaisa ikikupa muda mfupi kuliko ule wa 0.2.

Mzee wangu wa Likoni, kwa heshima, la 0.12 kila mahali litafanya kazi, lakini kuta zitachukua muda bure na kilele bado kitakuwa na kidaraja cha karibu 0.7 kwenye nyuzi 10. La maandishi nalo lina nusu ya ukweli. Herufi zikiwa kwenye ukuta wima, unene wa tabaka unasaidia, kwa kuwa matabaka yanakata herufi kutoka chini hadi juu. Lakini za Binti zimelala zikitazama juu. Hapo herufi inachorwa na nozeli ikitembea pembeni, na upana wa mstari ni 0.4 na kitu, liwe tabaka 0.28 au 0.08. Herufi ikiwa na mkono mwembamba kuliko mstari huo, itaziba au itaachwa kabisa. Dawa ni kunenepesha herufi kwenye mchoro au kufunga nozeli ya 0.25.

Mzee_wa_Likoni
La herufi nimelielewa, ahsante kijana. La 0.12 silirudishi nyuma. Mimi napenda kazi yenye sura moja kutoka chini hadi juu. Ukichanganya unene, mwangaza wa ukuta unabadilika na mtu anaona mkanda.

FundiWaTudor
Hapo Mzee uko sawa kabisa, na nitalirudia, maana ndilo linaloharibu kazi nyingi za namna hii.

NyaliPrint
Mimi nina printa ya rangi nne na hii kitu ilinikatalia kabisa. Nilitaka kasa wa rangi mbili, gamba lake lina mteremko kama kuba lako. Nikishaweka unene tofauti tofauti slaisa inalalamika juu ya ule mnara wa kusafishia nozeli. Naona haifai kwa kazi ya kuuza.

FundiWaTudor
Kwa rangi nyingi, mnara wa kusafishia hupanda pamoja na kazi, tabaka kwa tabaka. Vitu vyote kwenye meza vikiwa na mpangilio mmoja wa unene, PrusaSlicer inakubali. Kimoja kikitofautiana na kingine, inagoma. Weka kasa mmoja peke yake kwenye meza ujaribu tena. Binti ana rangi moja, halimhusu.

BintiKisauni
Fundi nimefuata, hesabu imeniingia. Nimebonyeza `Variable layer height`, kisha `Adaptive`, nikasogeza kitelezi upande wa `Quality`. Imenipaka rangi rangi jengo zima, lakini muda umetoka saa 6 na kitu, na kwenye onyesho naona matabaka ya mnara nayo yamekuwa membamba juu wakati mnara umesimama wima. Nimekosea wapi?

FundiWaTudor
Hujakosea. `Adaptive` inapima mteremko wa kila kimo na kuchagua unene wenyewe, lakini kitelezi kikiwa kimeegemea `Quality` inabana hata sehemu zisizohitaji. Irudishe upande wa `Speed` upate mwanzo mzuri, halafu malizia kwa mkono. Kipanya cha kushoto juu ya ule ukanda wa kulia kinaongeza ufinyu, yaani tabaka jembamba, cha kulia kinanenepesha, na gurudumu linapanua au kupunguza eneo unalogusa. `Shift` na kipanya cha kushoto vinarudisha mahali hapo kwenye unene wa kawaida. Kama inakataa kwenda 0.28, nenda `Printer Settings`, `Extruder 1`, uangalie `Layer height limits`. Kwa nozeli ya 0.4 mimi sivuki 0.3. Zaidi ya hapo plastiki haibanwi vya kutosha kushika tabaka la chini.

Mnara ndio jambo lenyewe. Unene unabadilika kwa kimo, haubadiliki kwa mahali. Kila kilicho kwenye kimo kimoja ndani ya kitu kimoja kinapata tabaka moja. Kuba lako likitaka 0.08 kati ya mm 63 na 70, mnara nao unachorwa 0.08 hapo, upende usipende. Matokeo ni mabaya mawili. Kwanza mnara utakuwa na mikanda mitatu minne ya mng'ao tofauti, kama alivyosema Mzee, na kwenye kitu kirefu chembamba kilichonyooka jicho linaiona upesi. Pili, mnara mwembamba wenye tabaka la 0.08 unapitiwa na nozeli ya moto mara nyingi sana kwenye eneo dogo, na kwa joto la Mombasa, chumba kisicho na eisi, PLA haipati nafasi ya kupoa. Utauona umelegea na kupinda juu.

Utenge mnara. Kama mchoro wako una miili miwili isiyoungana, tumia `Split to objects`. Usitumie `Split to parts`, maana vipande vya kitu kimoja bado vinafuata mpangilio mmoja. Kama imeungana, kata kwa `Cut` na uweke pini za kuunganishia. Halafu chapisha minara yote 12 pamoja, kwa 0.2 moja kwa moja. Nozeli ikizunguka minara 12, kila mmoja unapoa vizuri kabla ya kufikiwa tena.

Salim_Majengo
Naongeza moja ambalo watu wanalisahau. Skrubu ya Z ya Ender ni ya mm 8 kwa mzunguko, mota ina hatua 200, kwa hiyo hatua moja kamili ni 0.04. Unene ukiwa nje ya vizidisho vya 0.04, mota inasimama katikati ya hatua na tabaka linatoka si sawa. 0.08, 0.12, 0.16, 0.2, 0.28 zote ziko ndani. Lakini `Adaptive` inakupa vitu kama 0.137. Mimi kwa sababu hiyo siitumii kamwe.

FundiWaTudor
Hesabu yako Salim ni sahihi. Ninachotofautiana nawe ni ukubwa wa athari. Mota inagawanya hatua kuwa ndogo zaidi, na kosa la katikati ya hatua halijumlishwi kutoka tabaka hadi tabaka. Nimeweka kipande cha 0.13 na cha 0.12 kando kando na sikuona tofauti kwa jicho. Lakini printa zatofautiana, na skrubu chafu au iliyokaza inaweza kukuonyesha usichokiona kwangu.

Salim_Majengo
Kwangu naiona, hasa kwenye ukuta mrefu mweusi. Tuache hapo, kila mtu na mashine yake.

Mama_Printa_Bamburi
Binti, mimi natumia Cura na nataka nikuepushe na usumbufu endapo utahamia huko. Kuna `Use Adaptive Layers`. Unaweka unene wa kawaida 0.18 na `Adaptive Layers Maximum Variation` 0.1, inacheza kati ya 0.08 na 0.28. Ila haina kupaka kwa mkono, na inapima kila kilichoko mezani kwa pamoja. Kuutenga mnara halafu kuuweka kando ya kuba hakutakusaidia. Lazima uchapishe peke yake.

Na swali langu mimi: yale madirisha ya upinde? Kwa 0.28 juu ya upinde hapalegei?

FundiWaTudor
Mama umeniwahi. Upinde wa dirisha ni kuba lililogeuzwa. Kadiri unavyokaribia kilele chake, kila tabaka linatokeza zaidi hewani kuliko lililo chini yake. Tabaka likiwa jembamba linatokeza kidogo kidogo, kwa hiyo halidondoki. Binti, madirisha yako yanafungia kimo gani?

BintiKisauni
Upinde unaanza mm 22 na kufunga mm 28.

FundiWaTudor
Basi kati ya 22 na 28 weka 0.16. Badala ya matabaka 21 unapata kama 37. Tabaka moja la ukuta kwako linachukua kama dakika moja na kitu, kwa hivyo ni nyongeza ya dakika 19 hivi.

Hapo ndipo neno la Mzee linaporudi. Ukibadilisha unene katikati ya ukuta wima, mkanda utaonekana, kwa sababu plastiki inapita kwa kasi tofauti na mistari inashika mwanga tofauti. Nyeupe isiyong'aa inaficha sana, ya hariri haifichi chochote. Njia nzuri ni kuweka mabadiliko mahali ambapo jicho tayari linaona mpaka. Pale ukuta unapokutana na kuba, kama una ukingo, badilisha papo hapo kwa mkato, kutoka 0.28 kwenda 0.2. Usibonyeze kitufe cha `Smooth`, maana kinalainisha kitu kizima, pamoja na mpaka huo. `Smooth` inasambaza mabadiliko juu na chini, inayashusha matabaka membamba hadi ukutani, na muda unaongezeka bila faida. Kwa kuba lenyewe, kati ya 0.2, 0.12 na 0.08, lainisha mahali hapo tu kwa `Shift` na kipanya cha kulia juu ya ukanda, maana pale hakuna ukingo wa kufichia.

Na jambo la mwisho kabla hujachapisha. Fungua `Print Settings`, `Layers and perimeters`, sehemu ya `Horizontal shells`. Kama umeandika matabaka 5 ya juu, kwa 0.2 hiyo ni mm 1 ya plastiki. Kwa 0.08 ni 0.4 tu, na kilele cha kuba kitakuwa na vitundu, au utauona wavu wa ndani umejichora juu. Watu wakiona hivyo husema tabaka jembamba limeharibu kazi. Weka `Minimum shell thickness` ya juu iwe 0.8, slaisa itaongeza matabaka yenyewe pale yanapohitajika.

Mzee_wa_Likoni
Hilo la vitundu lilinitokea kwenye kofia ya taa, nikailaumu filamenti. Ahsante.

BintiKisauni
Wanajukwaa nimerudi. Cha kwanza kimetoka. Jengo bila mnara, na madirisha kwa 0.16, limechukua saa 5 kasoro dakika chache. Minara nitaichapisha yote kwa mkupuo mmoja usiku.

Kuba limebadilika sana. Kutoka ukingoni hadi karibu na kilele sioni ngazi nikiwa nimelishika mkononi. Mkanda kwenye madirisha upo ukiuangalia kwa pembeni dirishani, mteja hakuuona mpaka nilipomwonyesha. Upinde umefunga bila kulegea. Vitundu hakuna.

Kilichobaki ni juu kabisa. Ndani ya duara la kama mm 10 pete bado zipo, na pale katikati pamekuwa laini kama pameyeyuka kidogo. Niende chini ya 0.08?

FundiWaTudor
Usiende. Duara hilo la mm 10 ndilo hasa eneo ambalo kuba lako limelala chini ya nyuzi 10. Kwenye nyuzi 5, hata 0.08 inatoa kidaraja cha karibu mm 0.9. Ukishuka hadi 0.06 utapata 0.7, huku nozeli ikitoa plastiki kidogo mno kiasi kwamba tofauti ndogo ya mtiririko inaacha uso wenye mabaka. Kilele cha kuba kinalala kabisa, na hakuna unene wa tabaka utakaomaliza ngazi pale.

Kuyeyuka ni suala jingine. Matabaka ya mwisho ni madogo, yanamalizika kwa sekunde chache na nozeli inarudi juu ya plastiki laini. Slaisa inapunguza kasi, lakini nozeli ya moto bado inabaki pale pale. Chapisha majengo mawili kwa pamoja, yote yakiwa na mpangilio ule ule wa unene. Nozeli ikiwa kwa la pili, la kwanza linapoa. Muda kwa kila kimoja haupungui, lakini kilele kitatoka imara.

Mama_Printa_Bamburi
Mimi ningepitisha msasa laini, halafu rangi ya praima, halafu nyeupe. Lakini kwa vipande 12 ni kazi ya mikono ya siku nzima.

FundiWaTudor
Binti, msikiti wako una hilali juu?

BintiKisauni
Sikuichora, niliogopa itavunjika.

FundiWaTudor
Ichore kama kitu cha pekee, yenye kitako cha duara cha mm 11 au 12 kilichobonyea kufuata kuba. Ichapishe ikiwa imelala ili isivunjike, kitako chake ukichapishe kando, kisha ugundishe vyote juu ya zile pete. Eneo ambalo tabaka limeshindwa litakuwa chini ya kitako.

BintiKisauni
Hiyo naipenda. Mteja mwenyewe alikuwa ameuliza hilali. Nawaza niitoe kwa filamenti ya hariri ya dhahabu. Kitako kina mbonyeo kidogo, je nako nitumie unene wa kubadilika au 0.12 moja?

Salim_Majengo
0.12 moja. Kwa hariri kila badiliko litang'aa.

NyaliPrint
Mimi kwa hariri nimepata uso mzuri zaidi kwa 0.2 kuliko 0.12, mng'ao unakuwa mkubwa. Jaribu zote mbili kwenye kitako kimoja kimoja, ni dakika chache tu.

Mzee_wa_Likoni
Na kasa wako umemjaribu peke yake mezani?

NyaliPrint
Yuko mezani sasa hivi Mzee. Slaisa imekubali. Amefika kwenye mapezi.